Saa Nane ya Uzinduzi

Video ya kwaya huwa na watazamaji wengi hata kabla ya kuzinduliwa. Mwalimu wa kwaya anataka kuhakikisha sauti ya tatu haijamezwa na kinanda. Mwenyekiti anataka kuona jina la mfadhili limeandikwa sawasawa mwishoni. Mama aliyeimba solo anataka kujiona mwenyewe kabla hajaonwa na watu. Halafu yupo mchungaji, ambaye hakubali kuzindua kitu asichokiona. Wote hao wanakaa mitaa tofauti, na siku hizi hakuna aliye tayari kupanda daladala hadi studio akakodolee macho kompyuta ya mtu. Wanataka linki.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi alihariri video mjini Tanga kwa miaka mingi: kwaya, harusi, misiba, mahafali. Kukata na kuunganisha picha alifundishwa na mafundi waliomtangulia. Jambo ambalo hakuna fundi aliyemfundisha ni kile kisanduku kinachojitokeza mwisho kabisa wa kupakia video YouTube, kinachotaka kujua nani aruhusiwe kuiona. Kina majibu matatu, `Private`, `Unlisted` na `Public`, na chini yake kuna `Schedule` ya kupanga siku na saa. Mafundi wengi hubonyeza la katikati na kwenda zao, kwa sababu ndilo linaloonekana la usalama: video haitokei kwa umma, na mteja anapewa linki.

Kwaya mojawapo ilimjia ikiwa imeshaumia na jibu hilo la katikati. Fundi wao wa awali aliipakia video wiki nzima kabla ya uzinduzi, akaweka `Unlisted`, akawatumia viongozi linki. Siku ya uzinduzi, mgeni rasmi alipokata utepe na projekta ikawashwa, vijana wa viti vya nyuma walikuwa wanaimba sambamba na video, pamoja na yale maneno mapya ya ubeti wa mwisho ambayo kwaya ilikuwa haijayaimba popote. Mgeni rasmi alikuwa ameahidi mchango. Aliutoa, lakini aliuliza kwa sauti ya kusikika, "Sasa mimi nazindua nini?"

Hakuna kiongozi aliyefanya hiana. Mmoja alimtumia mkewe, mkewe akamtumia dada yake, dada akaitia kwenye grupu la WhatsApp la jumuiya akiwa na furaha ya kumwona shemeji yake akiimba. Linki ya aina hii inamfungukia kila aliyenayo. Video isiyoorodheshwa haimo katika orodha ya video za chaneli, haitokei mtu akitafuta, na waliojiandikisha kwenye chaneli hawaletewi taarifa. Lakini mwenye linki anaitazama bila kuulizwa jina, bila hata kuwa na akaunti, na anaweza kumpa mwingine kadiri apendavyo. Akiiweka katika orodha yake ya kucheza ambayo iko wazi kwa watu wote, wapitao hapo nao wataikuta. YouTube haina habari nani alipewa na nani aliokota.

Watu humwambia mwandishi kwamba linki yenyewe ni ngumu, nani ataibahatisha? Ni kweli. Baada ya `watch?v=` kuna herufi na alama 11 zisizo na mpangilio, na hakuna atakayekaa chini azipate kwa kujaribujaribu. Hatari inatoka kwa mtu mwema anayebonyeza kusambaza. Dalili yake huonekana mapema kwa anayejua pa kutazama: katika YouTube Studio, sehemu ya takwimu, video iliyotumwa kwa viongozi watano inasoma mamia ya kutazamwa, na chanzo kikubwa cha watazamaji hao ni WhatsApp. Fundi akiona hivyo siku ya Jumatano, bado ana nafasi ya kuokoa Jumapili. Akibadilisha iwe `Private`, linki ile ile inakufa papo hapo kwa kila mtu isipokuwa mwenye chaneli na wale aliowaalika kwa majina.

Inakufa, lakini haizikwi. Siku video itakapofunguliwa tena, linki ile ile itafufuka kwa wote waliokuwa nayo, kwa sababu zile herufi 11 hazibadiliki wakati hali ya video inapobadilika. Na YouTube hairuhusu kutoa faili moja na kuingiza jingine chini ya linki ile ile. Mchungaji akisema jina lake limekosewa, marekebisho ni kupakia video upya, na video mpya ina linki mpya. Mwanzoni jambo hili humkera kila fundi. Mwandishi aliona kwamba ndani yake mna njia nzuri ya kufanya kazi na kwaya.

Aliacha kabisa kutumia video ya uzinduzi kama video ya kuhakiki. Kwa ajili ya viongozi alitoa nakala ndogo, yenye maandishi NAKALA YA UHAKIKI yaliyokatiza katikati ya picha kutoka mwanzo hadi mwisho, akaipakia kama `Unlisted`, akawapa linki. Nakala hiyo ikivuja, inavuja na maandishi yake usoni. Hakuna anayejivunia kuisambaza, na hakuna atakayeidhania kuwa ndiyo kazi yenyewe. Viongozi wakishatoa maoni, inafutwa. Video safi inapakiwa peke yake, moja kwa moja kama `Private`, na linki yake haimfikii mtu hata mmoja hadi dakika ya uzinduzi. Kazi inaongezeka kwa saa moja au mbili na bando kidogo, na haki ya kwaya ya kuzindua kitu kipya inabaki mikononi mwao.

Video safi inafaa ipakiwe siku kadhaa kabla, kwa sababu mbili ambazo hazihusiani na siri. Ya kwanza ni ubora wa picha. Video ikishapanda, YouTube huiandaa kwanza katika ubora wa chini, kisha ule wa juu hufuata baadaye, na video ndefu au yenye picha kubwa hungoja zaidi. Anayepakia na kufungua hapo hapo anawaonyesha watazamaji wake wa kwanza nyuso zenye ukungu, na hao ndio wanaoandika maoni kwamba kamera ilikuwa mbovu. Sababu ya pili ni haki miliki. Mfumo wa kutambua miziki ya watu unakagua video tangu inapopakiwa, hata ikiwa ya faragha. Kwaya moja ilitumia mdundo iliopewa na kijana wa studio akiapa ni wake. Dai la mwenye mdundo lilitokea Ijumaa, video ikiwa bado imefungwa, na mwalimu wa kwaya akapata muda wa kurekodi kinanda upya Jumamosi. Kama ingekuwa tayari iko hadharani, mapato ya matangazo yangeweza kuelekezwa kwa mwenye dai, na aibu ingekuwa ya kanisa zima.

Kisha inabaki saa.

Uzinduzi mwingi wa kwaya hupangwa saa nane mchana, baada ya ibada na chakula. Kwaya iliyompa mwandishi funzo hili iliamua kupanga ratiba yenyewe, kupitia katibu msaidizi, kijana mwepesi wa simu. Alibonyeza `Schedule`, akachagua Jumapili, akatafuta saa. Ratiba ya uzinduzi aliyoishika mkononi ilisema "saa 8:00". Kwenye orodha ya kisanduku aliiona `8:00 AM`, akaibonyeza kwa moyo mkunjufu. Video ikafunguka saa mbili asubuhi, waumini wakiwa wanaingia ibada ya kwanza. Simu zikaanza kulia ndani ya mabegi, kwa maana waliojiandikisha kwenye chaneli na kuwasha kengele walikuwa wanapewa taarifa.

Kosa hili hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyokiri, kwa sababu kisanduku kinahesabu saa kuanzia usiku wa manane na mchana, na Mswahili anahesabu kuanzia alfajiri na magharibi. Saa nane mchana ni `2:00 PM`. Saa moja jioni ni `7:00 PM`. Kinachochanganya zaidi ni saa sita: `12:00 PM` ni adhuhuri na `12:00 AM` ni usiku wa manane, na huo usiku wa manane unahesabiwa kuwa mwanzo wa tarehe mpya. Anayetaka video itoke "Jumamosi saa sita usiku", akimaanisha usiku ule watu wanapovuka kuingia Jumapili, lazima achague Jumapili `12:00 AM`. Akichagua Jumamosi, itatoka siku nzima kabla. Mwandishi alianza kudai kila mteja amwandikie saa kwa namna mbili kwenye ujumbe mmoja, ya kwetu na ya kisanduku, na zikipingana kazi inasimama hadi wapatane.

Katika kazi moja ya kabla hajaanza kutenganisha nakala, ratiba ilipokwisha kupangwa, mwalimu wa kwaya alipiga simu. "Mama mhariri, ile linki umenitumia haifunguki. Inasema video ni ya faragha." Ndivyo inavyopaswa kusema, Mwalimu, alijibiwa. Video iliyopangiwa saa huwa `Private` mpaka saa hiyo ifike. Ukurasa wenyewe unaeleza hivyo chini ya tarehe. Hakuna njia ya kuiweka isubiri huku wenye linki wanaiona. Aliyekuwa anaitazama kama `Unlisted` jana, leo ikishapangiwa saa atakuta mlango umefungwa. Hili huleta hofu isiyo ya lazima kila mara, na dawa yake ni kuwaambia viongozi mapema kwamba kuanzia siku fulani hawataiona tena, na kwamba huko kutokuiona ndiko ushahidi kwamba mambo yako sawa.

Viongozi wengine huomba kitu kingine bila kujua jina lake. Wanataka watu waone kwamba kuna jambo linakuja: picha ya jalada, kichwa cha wimbo, saa zinazohesabiwa kurudi nyuma. Hiyo ni `Premiere`, na tofauti yake na ratiba ya kawaida ni kubwa. Ratiba ya kawaida haionyeshi chochote hadi saa yake. `Premiere` inafungua ukurasa hadharani tangu siku inapopangwa, watu wanaweza kuweka kikumbusho, na saa ikifika wote wanaitazama pamoja wakiandikiana pembeni. Kwa kwaya yenye wanachama waliohamia Dar es Salaam na Arusha inapendeza sana. Kwa uzinduzi wa ukumbini haifai, kwa maana aliyeketi nyumbani anaanza kutazama kwa saa ya mtandao, na aliye ukumbini anamngoja mgeni rasmi ambaye bado yuko njiani. Hafla zetu zinachelewa. Mwandishi alikuwa akipanga ratiba ya saa nane kama bima tu, huku yeye ameketi nyuma ya projekta na simu mkononi, tayari kuisogeza mbele iwapo mgeni rasmi hajafika. Kusogeza kunawezekana wakati wowote kabla ya saa yenyewe. Ikishapita, waliopewa taarifa wameshapewa.

Kwa wale wanaopakia kwa programu badala ya kubonyeza, kama kijana mmoja wa kwaya aliyekuwa na mahubiri mengi ya kutoa kila Jumapili, kanuni ni ile ile na inasomeka wazi zaidi. Ratiba inakubaliwa tu ikiwa hali ni `private`, na saa inaandikwa kwa UTC, ambayo iko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Saa nane mchana ya Tanga, Jumapili ya tarehe 27 Oktoba 2024, huandikwa hivi:

```
"status": {
  "privacyStatus": "private",
  "publishAt": "2024-10-27T11:00:00Z"
}
```

Kijana akiandika `14:00:00Z`, video itatoka saa kumi na moja jioni, watu wameshatawanyika. Akikosea tarehe ikawa iliyopita, haikataliwi: video inatoka hapo hapo. Kuna mtego mwingine uliomsumbua kijana huyo wiki nzima. Programu iliyosajiliwa baada ya tarehe 28 Julai 2020 na ambayo YouTube haijaikagua, kila video inayopakia hufungwa kuwa ya faragha na hubaki hivyo, hata saa yake ikifika. Mahubiri yake yalikuwa yanapanda vizuri na hayatoki. Alilazimika kuyapakia upya kwa mkono.

Tarehe hiyo ya 27 Oktoba 2024 mwandishi anaitaja makusudi, kwa kuwa ndiyo siku Uingereza waliporudisha saa zao nyuma. Jumamosi yake, saa nane ya Tanga ilikuwa saa sita mchana London. Jumapili ikawa saa tano asubuhi. Ratiba ya video haikuyumba, kwani ilipangwa kwa saa ya huku. Kinachoyumba ni tangazo. Ndugu wa ughaibuni aliyeandikiwa "saa sita kwenu" anafungua na kukuta video imeshatoka saa nzima iliyopita. Tarehe inayoandikwa chini ya video nayo inafuata saa za pwani ya magharibi ya Marekani, hivyo video iliyofunguliwa Tanga Jumapili alfajiri inaweza kusomeka Jumamosi. Mwandishi amewahi kuona wajumbe wa kamati wakibishana nani alivujisha, na hakuna aliyevujisha.

Harusi zilimfundisha mambo ya aina nyingine.

Tanga, kama Zanzibar na Mombasa, ina sherehe za wanawake peke yao, ambako mabuibui huvuliwa mlangoni na mpiga picha lazima awe mwanamke. Ndiyo sababu kazi hizo zilimfikia yeye. Mama mmoja wa bibi harusi alikuwa na dada zake Maskati ambao hawakuweza kuja, na alitaka waione sherehe yote: ngoma, mavazi, nywele. "Lakini mwanangu," alisema, "nakuomba kwa Mungu, asiione mwanaume."

Kwa ombi kama hilo `Unlisted` isizungumzwe kabisa. Ilibaki `Private`. Hapo mwenye video anaandika anuani za barua pepe za wageni wake, mmoja mmoja, na kila mgeni lazima aingie kwa akaunti yenye anuani hiyo ndipo aone. Linki ikitumwa kwa mwingine, haimfungukii. Maoni hayawezi kuandikwa. Kwa maandishi, inatosheleza. Kwa vitendo, mwandishi alianza kuwauliza dada wa Maskati anuani zao, na kila jibu likaongeza wasiwasi wake. Khalati mkubwa hakuwa na barua pepe. Simu yake ilifunguliwa na mwanawe wa kiume, na akaunti ni ya mwanawe. Wa pili alikuwa nayo, lakini akaunti hiyo hiyo ndiyo iliyowashwa kwenye runinga ya sebuleni. Wa tatu alituma anuani aliyoisahau nywila yake, akaongeza ya mumewe, "kwa hiyo hiyo moja tunatumia wote".

Kisanduku kinaweza kulinda akaunti, hakiwezi kujua nani ameketi mbele ya kioo. Anayetazama anaweza pia kuishika simu ya pili akairekodi ya kwanza. Tena YouTube yenyewe inaeleza kwamba mifumo yake na wakaguzi wake, ambao ni watu, wanaweza kuzipitia hata video za faragha ili kukagua haki miliki, matangazo na matumizi mabaya. Mwandishi alimweleza mama yote hayo, na akamshauri asiipakie. Video iliwekwa kwenye flashi mbili, zikabebwa na mpwa wa kike aliyekuwa akisafiri kwenda Maskati mwezi huo, akazifikisha mkononi. Fundi anayelipwa kwa kupakia hufaidika kidogo kwa ushauri kama huo, lakini mwandishi bado anaamini kuna picha ambazo hazina ngazi ya faragha inayozitosha mtandaoni, na mteja ana haki ya kuambiwa hivyo kabla, kwa Kiswahili cha kueleweka.

Kuna kazi ambazo `Unlisted` inazifaa kweli: kipande cha mahafali kwa wazazi wa darasa moja, somo la kwaya kwa wanakwaya, msiba ambao ndugu wa mbali wanataka kuufuatilia bila majirani wa mtandaoni kuandika maoni. Ikivuja, hakuna anayeumia. Lakini aliyeweka video humo kama kabati la kumbukumbu anapaswa kujua lililotokea 2021.

Mwaka huo YouTube ilitangaza kwamba video zote zisizoorodheshwa zilizopakiwa kabla ya tarehe 1 Januari 2017 zingebadilishwa kuwa za faragha tarehe 23 Julai. Sababu ilikuwa ya kiusalama: 2017 waliboresha namna ya kutengeneza linki za aina hiyo ili iwe vigumu zaidi kuzigundua, na linki za zamani hazikuwa na kinga hiyo. Wenye chaneli waliarifiwa na kupewa nafasi ya kukataa mabadiliko. Asiyejibu, video yake ilifungwa.

Familia moja ya Tanga ilikuwa na msiba wa babu yao uliorekodiwa 2015. Fundi wa wakati huo aliupakia kwenye chaneli yake binafsi, `Unlisted`, akawapa linki. Kwa miaka sita linki hiyo ilihifadhiwa katika simu za watoto na wajukuu, wengine Muheza, wengine Maskati, mmoja Kanada, na kila mwaka siku ya kumkumbuka mzee ilikuwa ikizunguka upya. Agosti 2021 haikufunguka. Walidhani imefutwa, wakamletea mwandishi simu waone kama kuna namna. Ujumbe wa kioo ulisema video ni ya faragha, na hilo lilikuwa jambo la matumaini, maana video iliyofutwa huandikiwa ujumbe mwingine. Video ilikuwepo bado. Aliyekuwa na uwezo wa kuibadilishia hali ni mwenye chaneli peke yake, na huyo alishahama mji, amebadilisha laini, na barua ya YouTube ya kumtahadharisha ilikwenda kwenye anuani aliyoacha kuifungua.

Alipatikana kupitia kwa fundi mwenzake wa vipaza sauti. Ilimchukua siku kadhaa kurejesha akaunti yake kwa namba ya simu ya zamani aliyokuwa ameiandika kwenye daftari. Akaishusha video kutoka Studio, akawapa familia faili, wao wakaipakia upya kwenye chaneli ya mjukuu. Linki ikawa mpya na ilibidi wote watumiwe upya.

Tangu hapo mwandishi hapakii kazi ya mteja kwenye chaneli yake mwenyewe. Kwaya, familia au shule inafungua chaneli yake, kwa anuani ambayo angalau watu wawili wanaijua, na yeye anaalikwa kupitia ukurasa wa ruhusa wa Studio akiwa na cheo cha `Editor`. Kwa cheo hicho anapakia, anapanga saa, anabadilisha hali kutoka ya faragha hadi ya umma, lakini hawezi kumwalika mtu mwingine wala kufuta video iliyokwisha kutolewa. Uzinduzi ukiisha, anachukua simu isiyoingia akaunti yoyote, anafungua linki kuona kama video inacheza, anamwonyesha katibu, kisha katibu anaingia Studio na kumwondoa kwenye orodha ya wenye ruhusa hadi kazi nyingine itakapokuja.